Bangili za Mama Mkwe: Muziki na Sauti Katika Skripti ya Tangazo la Sekunde 30

Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya waandishi wa skripti na watayarishaji wa matangazo

Mabibi na mabwana, wenzangu katika kazi hii, asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua muziki na sauti katika skripti ya tangazo, ili viende sambamba na hisia za hadithi. Somo hili ni pana, nami nitalibana katika swali moja ambalo naamini ndilo linaloamua mengine yote: muziki uingie wapi, na utoke wapi. Waandishi wengi hujishughulisha sana na aina ya muziki, kama uwe taarabu au wa kizazi kipya, wa haraka au wa taratibu, na mahali pa kuuingiza huachiwa mhariri mwisho wa safari. Mimi nashikilia kwamba mahali ndipo panapobeba hisia, na kwamba ni wajibu wa mwandishi kupaamua kwenye karatasi, kabla kamera haijatolewa begini.

Ili tusizungumze hewani, nimeandaa skripti ya mfano ya tangazo la mchele, la sekunde 30. Hadithi yake ni fupi. Bi harusi aliyeolewa karibuni anampikia mama mkwe wake pilau kwa mara ya kwanza, katika nyumba ya Mji wa Kale. Anaondoa makaa juu ya mfuniko, anafunua sufuria, anapakua, na anapeleka sahani mezani. Mama mkwe anaonja, ananyamaza, kisha anasema: “Nipakulie tena, mwanangu.” Familia inakula, pakiti ya mchele inaonekana, na msimulizi analitaja jina la mchele huo.

Kama mjuavyo, skripti ya tangazo huandikwa katika safu mbili, ya picha upande wa kushoto na ya sauti upande wa kulia. Katika skripti nyingi ninazoletewa, safu ya kulia ina mstari mmoja tu kuhusu muziki, nao huwa umeandikwa hivi: “Muziki wa taarabu wenye furaha unasikika mwanzo hadi mwisho.” Hebu tuutazame mstari huo unaifanyia nini hadithi yetu. Muziki ukiwa na furaha tangu sekunde ya kwanza, mtazamaji ameshaambiwa kwamba pilau itapendwa. Hofu ya bi harusi haina mahali pa kukaa, kimya cha mama mkwe kinakuwa pengo la maneno lisilo na maana, na yale maneno yake matatu yanafika kwa mtu aliyekwisha kujua jawabu. Mchezaji anaweza kuigiza vizuri sana na bado hisia isipatikane, kwa sababu muziki umeitoa siri kabla yake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuitafuta nukta ya mgeuko, yaani ile sekunde moja ambayo kabla yake mtazamaji anahisi jambo moja na baada yake anahisi jingine. Katika tangazo la sekunde 30 nukta hiyo huwa moja, na anayejaribu kuweka tatu hupata zote zikiwa dhaifu. Ni rahisi kudhani kwamba katika hadithi yetu mgeuko upo pale tonge linapoingia kinywani, lakini tonge linazidisha wasiwasi tu. Wala haupo kwenye “nipakulie tena,” kwa kuwa hapo mama mkwe ameusifu wali, na sifa ya wali bado ni jambo la jikoni. Mgeuko upo kwenye “mwanangu,” kwa sababu ndipo yule binti mgeni anapopokelewa nyumbani. Tukishakubaliana hivyo, tunajua kwamba muziki wa furaha hauna ruhusa ya kusikika hata kidogo kabla ya silabi ya mwisho ya neno hilo.

Kutoka hapo tunahesabu, na naomba mnivumilie, kwa sababu hesabu yenyewe ni nyepesi na faida yake ni kubwa. Nimechagua mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, kwa hiyo kila pigo linachukua sekunde 0.6. Televisheni za kwetu hutumia fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo pigo moja ni fremu 15 kamili, bila nusu, na mhariri anaweza kukata picha juu ya pigo bila kukisia. Mapigo manne ni sekunde 2.4. Makundi 12 ya mapigo manne yanatufikisha sekunde ya 28.8, na ile sekunde moja na kidogo inayobaki inatosha kuiacha nyuzi ya mwisho ilie hadi ijifie yenyewe. Ningechagua mapigo 120, pigo lingekuwa fremu 12 na nusu, na kila mkato wa pili ungelazimika kusogezwa. Mwendo huchaguliwa kwa sikio kwanza, lakini pale miendo miwili inapofaa kwa sikio, mimi huchukua ule unaogawika vizuri kwa fremu.

Sasa tuipange hadithi yetu juu ya mapigo hayo. Sekunde 2.4 za mwanzo hazina muziki kabisa. Tunasikia koleo likigusa mfuniko na kaa likidondoka jikoni, kwa sababu muziki unaoanza pamoja na picha ya kwanza huwa kama rangi ya ukuta, mtazamaji hausikii ukiingia. Baada ya hapo udi unaingia peke yake, kwa sauti za chini, ukipigwa kwa kusitasita, na unaendelea binti anapofunua sufuria, anapopakua na anapotembea na sahani. Katika sekunde ya 14.4 sahani inatua juu ya meza ya mbao, na udi unakatika papo hapo. Kutoka hapo hadi sekunde ya 21.6 hakuna muziki. Muziki wa pili unaanza kwenye 21.6 na kwenda hadi pigo la mwisho kwenye 28.8.

Naomba tukae kidogo katika ule ukimya wa kati, kwa sababu ndiko skripti nyingi zinakoharibikia. Jambo la kwanza ni namna udi unavyotoka. Sauti inayofifia polepole humwambia mtazamaji kwamba jambo limekwisha na tunahamia jingine. Sauti inayokatika ghafla humwambia kwamba jambo limesimama na bado halijaamuliwa, na hicho ndicho tunachokitaka. Lakini mkato mkavu bila sababu husikika kama hitilafu ya mitambo, kwa hiyo lazima kuwe na kitu kwenye picha kinachoukata. Hapa kinachoukata ni kishindo cha sahani, na ndiyo maana nimeandika sahani nzito ya udongo na meza ya mbao tupu. Ingekuwa sahani ya plastiki juu ya kitambaa, udi ungekatika na mtazamaji asingejua kwa nini.

Jambo la pili ni kwamba ukimya wa kwenye tangazo si utupu. Ukiandika tu “kimya,” yuko mhariri atakayefuta kila kitu, na sekunde saba za utupu halisi zitamfanya mtazamaji atafute rimoti akidhani televisheni imeharibika. Kinachotakiwa ni sauti ya chumba chenyewe: feni ikizunguka darini, kunguru mmoja kwa mbali, mlio wa mkokoteni katika kichochoro. Mnasa sauti aombwe, katika skripti, arekodi sekunde 30 za chumba hicho bila mtu kusema wala kutikisika, baada ya picha kumalizika na kabla vifaa havijafungwa. Mjini kwetu naongeza ombi moja. Rekodi hiyo ipangwe mbali na nyakati za adhana, kwa sababu adhana ni mwito wa ibada na haifai kuwa pambo la tangazo la mchele, hata ikiwa imesikika kwa bahati tu nyuma ya sauti nyingine.

Jambo la tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Ukimya huu unahitaji sauti moja ndogo ya kuufanya usikike, ambayo itasimama pale mama mkwe anaponyamaza. Mwandishi asiye mwangalifu ataandika mlio wa kijiko kwenye sahani, na kila mtu wa Pwani ataona kwamba mama huyu ni wa kuigiza, kwa kuwa pilau hapa huliwa kwa mkono. Mkono huo lakini una bangili. Mama mkwe anaponyoosha mkono, bangili zake zinagongana. Anapofinyanga tonge, zinalia kidogo. Anapopeleka tonge kinywani, zinateremka kwenye kigasha chake. Kisha, karibu na sekunde ya 16.2, zinanyamaza. Kuanzia hapo hadi sekunde ya 18.6 hakuna kinachosikika isipokuwa feni, na sekunde hizo karibu mbili na nusu ndizo zinazobeba tangazo zima. Anaanza kusema kwenye 18.6 na kumaliza kwenye 20.4. Kwenye 21.0 anaisogeza sahani mbele, bangili zinagongana tena mara moja, na pigo moja baadaye, kwenye 21.6, muziki unaingia.

Mtaona kwamba muziki umechelewa zaidi ya sekunde moja baada ya neno “mwanangu.” Ucheleweshaji huo nimeukusudia. Muziki ukiingia juu ya neno, unalifunika. Ukiingia mara tu baada yake, unamwamuru mtazamaji ahisi. Ukisubiri kidogo, mtazamaji anahisi mwenyewe kwanza, na muziki unakuja kumuunga mkono. Kwa sauti za vitendo mambo ni kinyume. Sauti ya kitendo inaweza kutangulia picha yake kwa fremu kadhaa, kama vile mfuniko unavyoanza kusuguana na sufuria wakati macho yetu bado yamo usoni mwa binti, na hilo huvuta hamu ya kutazama. Kwa ufupi wa skripti, mimi huandika “sauti inatangulia” au “muziki unasubiri” kando ya mstari unaohusika, na mhariri anaelewa.

Sasa ndipo tunapofika kwenye aina ya muziki. Kwa sehemu ya pili nimeandika chakacha, na sababu yangu ni ya mapigo. Chakacha hugawa kila pigo kuu mara tatu, na ule udi wa mwanzo nimeuomba ugawe pigo hilo hilo mara mbili. Mwendo haubadiliki, bado ni mapigo 100, kwa hiyo picha na mikato yake vinabaki mahali pake. Kinachobadilika ni kwamba mwili wa msikilizaji, uliokuwa ukitembea, unaanza kuyumba kiunoni. Furaha inapatikana bila kuongeza kasi wala sauti. Mtunzi wa muziki akisoma maelezo kama hayo anajua afanye nini, ambapo akisoma “muziki ubadilike kuwa wa furaha” ataongeza kasi, na hesabu yetu yote itavurugika.

Nimependekezewa na wengine kwamba hapo pawekwe vugo na vigelegele. Nimekataa. Vugo, kwa zile pembe zinazogongwa, inamwambia mtu wa Mombasa kwamba harusi ni leo, ilhali hadithi yetu ni ya siku za baada ya harusi, wakati wageni wamekwisha ondoka na binti amebaki na watu asiowajua. Vigelegele kwa sahani moja ya pilau ni shangwe iliyozidi kitendo, na shangwe iliyozidi kitendo humfanya mtazamaji amshuku anayeuza.

Wengine husema tutafute wimbo wa taarabu unaojulikana, watu waufurahie mara wausikiapo. Hapa naomba tahadhari kubwa. Nyimbo nyingi za taarabu zina mafumbo, na wanawake wanaozijua vizuri wanajua kila moja humpiga nani kijembe. Wimbo unaoonekana kuwa wa mapenzi matamu unaweza kuwa ndio unaoimbwa maharusini kumsuta mke mwenza au mkwe mwenye roho mbaya, nao ukiwekwa chini ya picha ya mama mkwe anayeonja pilau, hadithi inageuka. Hata ala zikipigwa bila maneno, wanaoujua wimbo watayasikia maneno vichwani mwao. Zaidi ya hayo, wimbo uliokwisha rekodiwa unahitaji ruhusa mbili kabla ya kuunganishwa na picha za tangazo, moja ya mwenye utunzi na nyingine ya mwenye rekodi, na leseni ile ya kupiga muziki hadharani dukani au hotelini haihusu matumizi haya. Kwa tangazo kama hili ninaagiza muziki mpya, upigwe na mtu wa udi na mtu wa ngoma ya dumbak, wakiwa na karatasi yenye zile sekunde mbele yao.

Kuhusu dumbak nina neno. Msimulizi anaongea kati ya sekunde ya 24.0 na 28.2, na sauti yake lazima ieleweke, hasa jina la mchele. Konsonanti zinazotufanya tuyatofautishe maneno zimo katika sauti za juu, na huko ndiko fidla na nai pia zinakoishi, kwa hiyo ala hizo zikipigwa chini ya msimulizi huyameza maneno yake hata ukizipunguza. Dawa ya kawaida ni kuacha ngoma nzito peke yake. Dawa hiyo inafaa sebuleni penye spika kubwa, lakini wengi watalitazama tangazo hili kwenye simu, na spika ya simu haiwezi kutoa sauti za chini kabisa, kwa hiyo ngoma itatoweka na furaha yetu pamoja nayo. Dumbak inatuokoa kwa kuwa ina milio miwili: “dum” ya katikati ya ngozi, ambayo simu itaipunguza, na “tak” ya ukingoni, ambayo ni kali na fupi, inasikika hata kwenye simu ya bei nafuu, na inapita haraka mno kuweza kulifunika neno. Kwenye safu ya sauti nimeandika hivi: “24.0 hadi 28.2, fidla na nai zisiwepo, udi upunguzwe, tak za dumbak zibaki.” Bangili nazo zimechaguliwa kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa mlio wake ni wa juu na haumezwi na spika ndogo.

Mtajuaje kama mpango umefaulu kabla ya kutumia fedha? Rekodini mazungumzo kwa simu, wekeni sauti za sahani na bangili kutoka jikoni kwenu, mwombeni mpiga udi apige kwa dakika tano, kisha mpange vyote kwa sekunde zake bila picha yoyote. Msikilizisheni rekodi hiyo mtu asiyeijua hadithi, akiwa amefumba macho, mkimwomba ainue mkono pale anapohisi kifua kimelegea. Mkono ukiinuka kabla ya neno “mwanangu,” kuna kitu mapema kimefichua siri, na mara nyingi ni udi wa mwanzo uliopigwa kwa utamu kupita kiasi. Ukiinuka muziki unapoingia, ina maana muziki ndio unaofanya kazi ambayo maneno yalipaswa kuifanya, kwa hiyo rudini kwenye mazungumzo au mrefushe ule ukimya. Ukiinuka katika ile sekunde moja iliyo kati ya neno na muziki, piganieni mpango huo kama ulivyo.

Na mtaupigania kwelikweli, kwa sababu mteja atakapoona sekunde saba zisizo na muziki atauliza kwa nini analipia kimya. Msimwekee muziki wa kushikilia nafasi kwa muda wakati anapotazama mkato wa kwanza, kwa maana akiuzoea kwa wiki mbili hataukubali mwingine. Mwonyesheni mikato miwili, mmoja wenye muziki mfululizo na mwingine wenye ukimya, na mnyamaze wakati anatazama.

Mwisho ni lile toleo la sekunde 15, ambalo huagizwa karibu kila mara. Hapa wengi huukata ukimya kwanza, nami nasema ukimya ubaki wote, sekunde zake 7.2 kamili. Kinachokatwa ni jikoni. Udi unaanza na mapigo sita tu, binti akiwa tayari anatembea na sahani, na sahani inatua kwenye sekunde ya 3.6. Ukimya, bangili na maneno ya mama mkwe vinakwenda hadi 10.8. Chakacha inapata mapigo sita, msimulizi analitaja jina la mchele peke yake bila maelezo mengine, pigo la mwisho linagongwa kwenye 14.4, na nyuzi inalia kwa sekunde 0.6 iliyobaki. Mpiga udi aambiwe mapema kwamba sehemu yake ya mwanzo itakatwa hivyo, ili mapigo sita ya mwisho kabla ya sahani yaweze kusimama yenyewe kama wimbo ulioanzia hapo.

Nawashukuru kwa kunisikiliza.